Kutoka 30 Hadi 34

Kazi aliyopewa Nafula asubuhi ile ilikuwa ndogo: kunakili jumla ya mapato, jumla ya matumizi na ziada ya mwaka kutoka kwenye jedwali la Excel, na kuziingiza katika hotuba ya mweka hazina. Bodi ya chama cha akiba na mikopo ingekutana saa tatu, na nakala tisa za taarifa ya fedha zilikuwa zimekwisha kupangwa mezani katika ukumbi wa ghorofa ya nne, kila moja na chupa yake ya maji. Chini, kwenye barabara ya Moi, matatu zilipigiana honi kama kawaida.

Jumla ya matumizi ilisomeka shilingi 41,260,000. Nafula ndiye aliyeingiza vocha za malipo za mwaka mzima, na alikumbuka kwamba fundi aliyekarabati paa la tawi la Thika alilipwa shilingi 1,400,000 kwa mkupuo mmoja; vocha hiyo ilirudishwa kwake mara mbili kwa kukosa sahihi, kwa hiyo hangeweza kuisahau. Aliutafuta ukarabati huo katika orodha asiuone. Akatazama ukingoni mwa jedwali, mahali ambapo watu wenye haraka hawatazami, akaona kwamba namba za mistari zinafika 30 na kurukia 34.

Akabofya seli ya jumla.

```
=SUBTOTAL(109,F6:F52)
```

Fomula yenyewe ilikuwa imeandikwa sawasawa, na ndiyo sababu hakuna aliyeishtukia. Namba 109 huiagiza Excel ijumlishe mistari inayoonekana tu na kuuruka ule uliofichwa kwa mkono, ilhali namba 9 ingeuhesabu. Nafula aliifichua mistari mitatu: tengo la mikopo isiyolipika, shilingi 4,150,000, ada ya ukaguzi, shilingi 850,000, na paa la Thika. Jumla ikapanda papo hapo hadi 47,660,000, na ziada ikashuka kutoka 22,640,000 hadi 16,240,000. Gawio ambalo bodi ilikuwa ikienda kulipendekeza kwa wanachama lilikuwa shilingi 17,000,000, yaani zaidi ya ziada nzima, kabla hata ya kutenga akiba ya kisheria.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Bwana Mutiso, mhasibu mkuu, alikuwa akinywa chai mezani pake.

"Samahani, Bwana Mutiso. Jumla ya matumizi ina tatizo."

"Tatizo gani saa hizi, Nafula? Nimeipitia mwenyewe jana usiku."

Hakubishana naye. Alimwekea kompyuta mbele, akaificha mistari ile mitatu, akaifichua tena, ili aone tarakimu zikibadilika. Bwana Mutiso aliishusha chai.

"Niliificha ili ukurasa utoshe kwenye karatasi moja," alisema, kwa sauti ya mtu anayejieleza mwenyewe zaidi ya kumweleza mwenzake. Kisha akauliza kama nakala zimefika ukumbini, ingawa alijua zimefika. Haikosi alifikiria kuliacha jambo hilo lisubiri robo ijayo. Watu wengi wazuri wamewahi kulifikiria. "Chapisha upya ukurasa wa tano," alisema hatimaye. "Mimi nitamwona mwenyekiti."

Printa ilikuwa nzito kuamka. Wakati ikinguruma, Nafula alifungua faili nyingine, akaitazama kwa muda, kisha akakimbia ngazini na karatasi tisa mkononi.

Kikao kilipofika kwenye taarifa ya fedha, Bwana Mutiso alisimama akasema kwamba ofisi yake imegundua kosa la ujumlishaji na kulirekebisha. Alisema "ofisi yangu", na Nafula, aliyeketi karibu na mlango akiandika kumbukumbu, aliandika hivyo hivyo. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mweka hazina, mwalimu mstaafu wa hesabu, hakuridhika.

"Jedwali hili umelitengeneza mwaka huu, Bwana Mutiso?"

"Hapana, mama. Ni lile lile la kila mwaka. Hubadilishwa tarakimu tu."

"Basi la mwaka jana lilikuwaje? Gawio la mwaka jana tumekwisha kulilipa."

Bwana Mutiso alipekua karatasi zake, ambazo zote zilikuwa za mwaka huu. Mweka hazina aligeuza kiti kuelekea mlangoni.

"Binti, wewe ndiye uliyeleta kurasa hizi. Unajua?"

Nafula aliweka kalamu chini, akamtazama kwanza mkubwa wake, ambaye alimwashiria aseme.

"Nimeifungua asubuhi hii, mama. Hiyo nayo inaruka, kutoka 28 hadi 31."

Mwenyekiti aliondoa gawio kwenye ajenda, akaagiza kompyuta iletwe pale mezani.