Zuhura, Mfasiri na Mkalimani: Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa

Naitwa Zuhura. Ni mfasiri na mkalimani wa kujitegemea tangu mwaka 2011. Ninatafsiri maandishi ya sheria na afya kuja Kiswahili, na ninakalimani kati ya Kiswahili na Kiingereza mahakamani, hospitalini, katika mahojiano ya waomba hifadhi na kwenye mikutano. Kutoka Kifaransa ninafanya kazi. Kwenda Kifaransa sifanyi, na hilo nimeliandika juu kabisa kwa makusudi.

Jozi za lugha na mwelekeo wake

Tafsiri ya maandishi:

- Kiingereza → Kiswahili. Hii ndiyo kazi yangu kubwa ya kila siku.
- Kifaransa → Kiswahili. Sheria, nyaraka za utawala na miongozo ya afya.
- Kiswahili → Kiingereza. Hati za kiapo, maelezo ya mashahidi, vyeti, ripoti za hospitali na tafsiri rejeshi za utafiti, ninazozieleza chini, tu, na kwa sharti kwamba msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza anaipitia kazi kabla haijakabidhiwa. Msomaji huyo namtafuta mwenyewe.

Ukalimani:

- Kiswahili ↔ Kiingereza, pande zote mbili.
- Kifaransa → Kiswahili, mikutanoni pekee.

Kifaransa kwenda Kiingereza sichukui, si kwa kalamu wala kwa mdomo. Kwa wanaotumia mpangilio wa AIIC, chama cha kimataifa cha wakalimani wa mikutano kilichoanzishwa mwaka 1953, lugha yangu A ni Kiswahili, B ni Kiingereza na C ni Kifaransa. Maana yake, Kiswahili ni lugha niliyokua nayo, Kiingereza naweza kukizungumza kwa niaba ya mwingine, na Kifaransa nakielewa barabara lakini sikitumii kumsemea mtu. Mimi si mwanachama wa AIIC. Natumia herufi zake kwa kuwa waandaaji wengi wa mikutano wanazifahamu.

Zamani wasifu wangu ulikuwa na mstari mmoja: "Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa." Mwaka 2014 mwandaaji wa mkutano aliusoma kama alivyostahili kuusoma, akaniweka kwenye kibanda cha wakalimani siku mbili kwa lugha zote tatu, kila upande. Asubuhi ya siku ya pili mjumbe alisimama na kuanza kuzungumza Kiswahili, na wajumbe watatu wa Kifaransa walikuwa wananisubiri mimi. Nilikwenda kama dakika saba. Niliyajua maneno, ila yalikuja yamechelewa, vitenzi vikabaki nyuma, na kupitia kioo nikawaona wanavua vipokea sauti mmoja baada ya mwingine. Mwenzangu kibandani alichukua maikrofoni bila kusema kitu. Yule mjumbe alikuwa na hoja nzuri na haikusikika, na kosa lilikuwa langu, kwenye karatasi, miezi miwili kabla. Tangu hapo kila jozi yangu ina mshale.

Nimesoma Kiarabu cha madrasa na naweza kusoma maandishi yake kwa sauti. Hiyo si lugha ya kazi, kwa hiyo haimo kwenye orodha. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo nakielewa, lakini sikidai kama changu. Shahidi anaposema "batoto" kwa watoto hapana shida. Maneno ya Kifaransa na Kilingala yanapoingia kila sentensi, mambo ni mengine. Kwa mahojiano ya aina hiyo naomba dakika kumi za kuzungumza na mhusika mambo ya kawaida kabla ya kuanza, mbele ya anayemhoji. Nikiona kuna mapengo nasema palepale, na atafutwe mkalimani mwingine.

Sheria

Ninatafsiri mikataba ya ajira na ya upangaji, hati za kiapo, hukumu, hati za mashtaka, wosia na vyeti vya kuzaliwa, ndoa na talaka. Ninakalimani katika kesi za jinai na za madai, na katika mazungumzo ya wakili na mteja wake.

Neno linaloniweka macho zaidi kwenye fani hii ni "dhamana". Kiswahili kinalitumia kwa mtuhumiwa anayeachiwa kwa masharti, kwa mali inayowekwa rehani ya mkopo, kwa ahadi ya muuza bidhaa kwamba itadumu, na kwa wadhifa aliokabidhiwa mtu. Kiingereza kina neno lake kwa kila moja. Vilevile sichanganyi mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa. Kati ya anayetiliwa shaka na aliyesomewa mashtaka pana hatua nzima ya kisheria.

Mahojiano ya hifadhi nimeyafanya tangu mwaka 2015, na huko ndiko nilikojifunza kwamba Kiswahili chenyewe kina mahali ambapo mkalimani hana budi kusimama na kuuliza. Mama mmoja alisema: "Alikuja usiku saa mbili, akanishika mkono." Sentensi fupi. "Alikuja" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na Kiingereza kitanilazimisha kuchagua. "Saa mbili usiku" kwenye kumbukumbu ya Kiingereza ni saa 20:00, wala si saa nane za usiku kama atakavyodhani anayefuata namba tu. "Mkono" unaweza kuwa kiganja, unaweza kuwa kuanzia bega. Nilisema: "Mkalimani anaomba kufafanuliwa mambo mawili," nikauliza jinsia na sehemu ya mkono, nikapata majibu, tukaendelea. Saa niliigeuza na kumtaarifu afisa kwamba nimeigeuza. Kama ningekisia "mwanamume", na mahojiano ya pili yakaonyesha ni mwanamke, mama yule angeonekana mwongo kwa kosa lisilo lake.

Ndivyo ilivyo pia kwa jamaa. Mama mdogo, baba mkubwa, ndugu wa kunyonya, ndugu wa tumbo moja: nayatoa kwa maelezo yake kamili, kwa sababu mtu aliyeandikwa "mama" ukurasa wa kwanza na "dada wa mama" ukurasa wa tano amezaa utata.

Nikikalimani nazungumza kwa nafsi ya kwanza, kama msemaji mwenyewe. Nikijisemea mimi, najiita "mkalimani". Siongezi, sipunguzi, silainishi tusi, na simshauri mtu yeyote chumbani, hata akiniuliza kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Nitalitafsiri na swali hilo.

Afya

Natafsiri fomu za ridhaa, taarifa za washiriki wa majaribio ya dawa, dodoso, maelekezo ya matumizi ya dawa na vipeperushi vya chanjo, uzazi, kisukari na kifua kikuu. Nakalimani kwenye miadi ya daktari na mgonjwa, ana kwa ana, kwa simu au kwa video.

Fomu za ridhaa nazipenda kuliko kazi nyingine zote, kwa kuwa ndipo mtu anapoamua juu ya mwili wake kwa kutegemea sentensi zangu. Utafiti unapogawa washiriki katika makundi bila upendeleo, tafsiri nyingi huandika "utapangwa kwa bahati nasibu". Msomaji anasikia zawadi. Mimi naandika: "Kompyuta ndiyo itakayochagua kundi lako, si wewe wala daktari." Panapotajwa dawa bandia ya kulinganishia, naandika "kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake". Ni maneno mengi, na mhariri wa ukurasa hulalamika kuhusu nafasi. Naomba nafasi iongezwe.

Kazi za utafiti nazifanya pamoja na tafsiri rejeshi: mfasiri wa pili, asiyeona matini ya awali, anairudisha kazi yangu kwenye Kiingereza, kisha tunakaa na watafiti kulinganisha. Naweza kuwa yule wa kwanza au yule wa pili, kamwe si wote wawili kwa matini moja.

Nje ya fani hizi mbili nimetafsiri miongozo ya kilimo na ufugaji kwa miaka minne, nami naipokea bado. Hataza, taarifa za fedha zilizokaguliwa, ushairi, matangazo ya biashara, manukuu ya filamu na kuingiza sauti: sifanyi. Lugha ya alama pia siijui.

Aina za kazi

Ukalimani sambamba, ule wa kibandani, naufanya na mwenzangu daima, tukipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Baada ya hapo umakini unashuka hata kama mkalimani mwenyewe hajahisi. Siku nzima ya mkutano peke yangu siipokei kwa malipo yoyote.

Ukalimani fuatizi, ambapo msemaji anatua nami natoa, naufanya mahakamani, kwenye mahojiano na katika mazungumzo ya pande mbili. Naandika vidokezo kwenye daftari, na kurasa zake nazichana mbele ya wahusika kikao kinapokwisha, isipokuwa mahakama iagize vingine. Ukalimani wa kunong'oneza sikioni naufanya kwa wasikilizaji wawili, basi. Wakiwa watatu, vifaa vinahitajika. Kusoma hati kwa lugha moja na kuitoa kwa mdomo kwa lugha nyingine nafanya pia, mradi hati haizidi kurasa mbili na nimepewa muda wa kuipitia. Kwa simu nakalimani kwa muda usiozidi saa moja, kisha mapumziko.

Kwa maandishi, natafsiri kama maneno 2,000 kwa siku, na kazi ya sheria inaweza kupungua hadi 1,500. Muda wa mtu wa pili kuipitia hauhesabiwi humo. Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinataka tafsiri irekebishwe na mtu asiye mfasiri mwenyewe, akiilinganisha na matini chanzi, nami nafuata hivyo hata mteja asipodai. Mimi mwenyewe pia napokea kazi ya kurekebisha tafsiri za wengine kutoka Kiingereza. Napokea na kurudisha faili za `.docx`, `.xliff` na `.tmx`.

Elimu na mipaka ya vyeti vyangu

Shahada ya kwanza ya Kiswahili na isimu, 2009. Shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani, 2013. Mafunzo ya ukalimani wa afya, saa 60, mwaka 2016.

Sijaapishwa kama mfasiri wa mahakama yoyote. Kila tafsiri ya hati naiambatanisha na tamko langu lililosainiwa kwamba ni kamili na sahihi kadiri ya ujuzi wangu. Tamko hilo si uthibitisho wa kiserikali, wala halithibitishi kwamba hati yenyewe ni halali. Ofisi inayokwenda kuipokea iulizwe kwanza inataka nini, kwa sababu ikihitaji mfasiri aliyeapishwa, mimi sifai na nitasema hivyo siku ya kwanza.

Ukiniandikia, nitajie lugha inakotoka na inakokwenda, ni maandishi au ni mdomo, nani atasoma au kusikiliza, tarehe, na saa ngapi. Kwa mkutano nahitaji hotuba na ajenda siku tano kabla. Kwa mahojiano ya hifadhi sihitaji kisa cha mhusika. Nchi na eneo alikojifunzia Kiswahili vinanitosha.