Yah: Mafunzo ya udereva salama kwa wafanyakazi wanaoendesha magari ya kampuni

Ndugu Meneja wa Magari,

Habari za kazi. Mimi ni mkuu wa mafunzo katika shule ya udereva, na upande wangu ni madereva wa makampuni. Najua madereva wako wote wana leseni. Leseni inaonyesha kwamba mtu alifaulu mtihani siku moja, huenda miaka kumi iliyopita, kwenye gari dogo lisilo na mzigo, mtahini akiwa kando yake. Haionyeshi anavyoendesha leo saa kumi na moja jioni, akiwa amebakiza kushusha mizigo miwili na simu ya ofisini inaita.

Tunaanza na zoezi moja ambalo ningependa ulione mwenyewe. Kwenye uwanja uliofungwa, dereva anapewa koni na kuambiwa: "Ukija kwa kilomita 50 kwa saa, nikakupungia bendera hapa, gari litasimama wapi? Weka koni yako." Wengi wazoefu huiweka mita kumi na tano hivi mbele. Kisha wanaendesha. Gari linaipita koni na kusimama mita kumi au zaidi baada yake, hata kama lami ni kavu na breki ni nzima. Sababu ni hesabu tu: kwa mwendo huo gari hula karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde moja huisha kabla mguu haujagusa breki. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki peke yake huwa mara nne. Mtu aliyeipita koni yake kwa macho yake hahitaji kuhubiriwa tena habari za kuacha nafasi.

Baada ya hapo tunaingia barabarani, kila dereva na mkufunzi wake kwa dakika 90, kwenye gari lile lile analofanyia kazi. Hapo ndipo tabia zinapojitokeza: mkono unaopumzika juu ya gia, kioo cha pembeni kisichoguswa tangu dereva wa zamu iliyopita, mteremko mrefu unaoshukwa kwa nyutro ili "kubana mafuta" hadi breki zinapata moto na kupungua nguvu. (Hili la nyutro hutupa ubishi kuliko yote. Magari mengi ya sasa hukata mafuta yenyewe yakishuka kwenye gia bila kukanyagiwa, kwa hiyo hakuna kinachobanwa.) Simu tunaitengea muda wake. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili za kusoma ujumbe ni mita 44 za kuendesha bila kutazama.

Darasani hatukai sana, nusu siku tu: uchovu, mvua, mzigo uliofungwa vibaya, ukaguzi wa gari kabla ya safari. Kozi nzima ni siku mbili, kwa kundi lisilozidi watu 12.

Nina maombi mawili. La kwanza, usituletee madereva wa malori peke yao. Maofisa mauzo na mafundi wanaokabidhiwa gari la kampuni huwa barabarani siku nzima na hakuna anayewahesabu kuwa madereva. La pili, njoo nawe, angalau asubuhi ya kwanza. Ratiba inayompa dereva saa tatu kwa safari ya saa nne haiponyeki kwa kumfundisha dereva. Inarekebishwa mezani kwako, na tutakueleza hivyo waziwazi tukiiona.

Kila mshiriki ataandikiwa ripoti ya ukurasa mmoja: anachofanya vizuri na mambo mawili au matatu ya kurekebisha. Tunaomba ripoti hizo zisitumike kumwachisha mtu kazi, kwa sababu madereva wakijua zinaweza kutumika hivyo, wote wataendesha kwa kuigiza mbele ya mkufunzi. Baada ya miezi mitatu tunarudi kupanda gari na kila mmoja tena, bila malipo ya ziada, kuona kama tabia za zamani zimerudi.

Nafasi zipo kuanzia Jumatatu tarehe 30, na tunaweza kuja kwenye yadi yenu ikiwa ina eneo la wazi la kutosha. Jibu barua pepe hii kabla ya Ijumaa tarehe 20, ukitaja idadi ya watu, aina za magari na siku ambazo kazi zenu hupungua, nasi tutakutumia makisio ya gharama siku inayofuata. Kama magari yenu yana vifaa vya kufuatilia mwendo, ambatisha kumbukumbu za mwezi mmoja za breki za ghafla. Zitatuonyesha pa kuanzia.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Mafunzo ya Madereva wa Makampuni