Kwa nini dagaa huvuliwa gizani: maneno ya msimulizi, rasimu ya pili

Kwa dada msimulizi na kaka wa michoro,

Rasimu ya kwanza ilifunguka hivi: "Ziwa Tanganyika, ambalo lina kina cha mita 1,470 na kugusa nchi nne, ni makazi ya dagaa ambao wavuvi wa Kigoma huwavua usiku kwa taa isipokuwa mbalamwezi inapokuwa kali." Ramani ilishaondoka kabla Kigoma haijatajwa. Nchi nne nimezitoa, ingawa zimeniuma. Neno la herufi kubwa ndilo linalotokea na mchoro wake, si kabla, si baada.

0:00 Hili ni ZIWA Tanganyika.
(Ramani.)

0:03 Na hapa ni KIGOMA.
(Nukta nyekundu, ufukwe wa mashariki.)

0:06 Tushuke CHINI.
(Kamera inazama. Kimya sekunde mbili, maji yaonekane.)

0:10 Mita elfu moja, mia nne na SABINI.
(Namba zinakimbia kwenye kioo na kusimama 1,470 kwenye "sabini". Dada, usikimbilie, kaka atakungoja.)

0:15 Sehemu kubwa ya maji haya HAINA oksijeni.
(Giza linapanda, linaacha tabaka jembamba la buluu.)

0:20 Samaki wanaishi hapa JUU.

0:23 Mchana, DAGAA hushuka.
0:26 Jua likizama, HUPANDA.
(Kundi lilelile, mwendo uleule, kinyume. Tusichore kundi jipya.)

0:29 Wanafuata VIJIDUDU wanavyovila.

0:32 Mvuvi anawasha TAA... kubwa.
(Kwetu jina hutangulia sifa. Taa itokee kwenye "taa", ikue kwenye "kubwa". Rasimu ya kwanza ilileta taa ikiwa imeshakua, na neno la mwisho likabaki bila kazi.)

0:36 Vijidudu VINAKUSANYIKA.
0:38 Dagaa WANAVIFUATA.
0:40 MIGEBUKA inawafuata dagaa.
(Duara tatu za mwanga, moja baada ya nyingine. Hapa ndipo kiini cha filamu kilipo, na hapa ndipo palikuwa na sentensi moja ya maneno thelathini na mbili. Nilipoisoma kwa sauti nilikosa pumzi, na duara zote zilikuwa zimeshafunguka nikiwa bado kwenye vijidudu.)

0:44 Wavu unapanda kutoka CHINI.
(Sauti ya maji tu, sekunde tatu.)

0:50 Lakini MWEZI mpevu ukitoka...
(Mwezi kwanza. Ung'ae kwenye "mpevu".)

0:53 ...mwanga unatapakaa ziwa ZIMA.

0:56 Dagaa WANATAWANYIKA.
(Duara za taa zinafifia.)

0:59 Na mitumbwi inalala KIBIRIZI.
(Mitumbwi ufukweni, taa zimezimwa. "Kibirizi" litamkwe taratibu, silabi zote nne. Wavuvi wa pale watatazama hii.)

1:03 Mwisho. Hakuna muziki juu ya neno la mwisho.