Ujumbe kwa vijana wa afisi, baada ya kuandikwa upya

Assalaam alaykum, mdogo wangu Haji.

Ule ujumbe wako wa kuwakaripia vijana wa afisi yetu ya kutembeza wageni nimeukalia usiku mzima. Makosa uliyoyaona ni ya kweli, sikutetei mtu. Lakini kijana akisoma "umezembea" anajua umekasirika tu. Cha kufanya kesho asubuhi hakijui. Nimeuandika upya, na ulivyokuwa nimeuweka juu ili ulinganishe. Usiupeleke kwenye kundi la Wotsapu. Kila mmoja apate wake, kwenye simu yake.

Kwa Nasra uliandika: "Nasra umezembea tena. Kila siku wewe na saa. Umetutia hasara na kutuaibisha. Jirekebishe, la sivyo rudi kwenu."

Nimetafuta hiyo "kila siku" kwenye daftari. Ni mara moja, Jumatatu. Mpelekee huu:

"Nasra mwanangu, habari za kazi. Nataka tuzungumze habari ya wale mke na mume wa Jumatatu. Tiketi yao ya boti ya Dar es Salaam ilisema 07:00. Wewe kwenye kadi yetu ukawaandikia 1.00, kwa sababu kwetu hiyo ni saa moja asubuhi. Wao wakaisoma kwa saa zao, wakafika gatini Malindi saa saba mchana na mabegi yao, boti imeshaondoka zamani.

Nimejua pia ulichofanya baadaye. Ulikwenda Malindi mwenyewe kwa miguu juani, ukasimama dirishani mpaka wakapata nafasi ya boti ya jioni, na maji ya kunywa uliwanunulia kwa pesa yako. Leta risiti urudishiwe. Tofauti ya tiketi italipwa na afisi na hutakatwa kitu.

Kosa hili lina sehemu yetu. Kadi tumeichapisha sisi, ina neno 'saa' na mstari mtupu, na hakuna aliyekufundisha tofauti ya saa sita kati ya saa zetu na zao. Kuanzia leo nakili saa kama ilivyo kwenye tiketi, tarakimu zote nne, usiibadilishe kichwani. Kisha mwombe mgeni akusomee kwa sauti alichokiona. Wiki ijayo Jumatatu nitakaa nawe mapokezi nusu saa, tujaze kadi tano pamoja. Ukiwa na njia bora ya kuipanga kadi yenyewe, nichoree."

Umeona sikuandika "lakini" baada ya sifa? Mtu akishaizoea hiyo "lakini", kila akisifiwa hukaa akiisubiri.

Sasa Khamis. Wewe: "Khamis unawadanganya wageni. Soma vitabu, si kuropoka." Kudanganya ni kusema uongo unaujua. Khamis hakujua, na kwa kijana anayetaka kuwa mtembezaji wageni hilo neno litamkaa miaka. Andika hivi:

"Khamis, Jumatano nilikuwa nyuma ya kundi lako kuanzia Forodhani mpaka Mkunazini. Nimependa unavyoeleza milango. Ulimwacha kila mgeni aguse nakshi kwanza, ndipo ukaeleza, na yule mzee mwenye fimbo ulimshika kiwiko kwenye ngazi za vile vyumba vya chini vya watumwa bila ya yeye kuomba.

Mambo mawili yasahihishwe kabla ya ziara ya Jumamosi. La kwanza, ulisema soko la watumwa lilifungwa 1897. Soko lilifungwa 1873, kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza. 1897 ndiyo mwaka wa amri ya Sultan Hamoud iliyoondoa utumwa usitambulike kisheria. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 24 ambayo soko limefungwa na watu bado ni watumwa. Ukiielewa hiyo nafasi ya katikati hutazichanganya tena tarehe, na wageni watakuuliza maswali mazuri zaidi.

La pili, Ngome Kongwe hawakuijenga Wareno. Waliijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoshwa, pahala palipokuwa na kanisa la Wareno. Nadhani hapo ndipo palipokukoroga.

Yule mama aliyekuuliza mwaka alikuwa mwalimu wa historia mstaafu. Hakukasirika; alinambia mimi kimyakimya. Siku nyengine ukiulizwa usilolijua, sema 'sijui, nitakuletea jibu kabla ya chakula cha mchana', kisha nipigie simu. Ijumaa baada ya sala njoo unitembeze mimi peke yangu kuanzia Ngome mpaka kanisani Mkunazini. Nitakuuliza kama mgeni msumbufu, jitayarishe."

Hiyo ya Time ndiyo iliyoniudhi. "Hujui hata maji? Wewe mtu wa pwani gani?" Haji, mtoto amekulia Dole kwenye mikarafuu na midalasini. Maji kujaa na kupwa atayajulia wapi? Hata wewe nakukumbuka mwaka wa kwanza, ila hayo tuyaache.

"Time, ile safari ya fungu la mchanga uliipanga saa tisa alasiri, siku ya mwezi mpevu. Wageni sita walifika wakakuta bahari tupu, fungu limeshafunikwa, nahodha akawazungusha mpaka jua likazama. Wamerudishiwa nusu ya pesa.

Kupanga kwako kwengine kulikuwa sawa: majaketi ya kuokolea yalihesabiwa, chakula kilifika moto, na ulimpigia nahodha mara mbili kuhakikisha. Kilichokosekana ni ratiba ya maji, na iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya mwezi uliopita. Kuibadilisha ni kazi yangu, kumradhi.

Shika hili kwanza: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapa Unguja maji hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne. Kwa hiyo siku hizo fungu liende asubuhi. Kila siku inayofuata maji huchelewa karibu dakika 50, mpaka zije siku za maji mafu. Hiyo ni ya kukisia tu; saa yenyewe itoe kwenye ratiba, kisha mwulize nahodha. Yeye akisema hapana, ni hapana, hata kama mgeni ameshalipa. Nimeshabandika ratiba mpya. Panga safari tatu za wiki ijayo kwa penseli, uniletee Alkhamisi."

Ya Makame nimeifuta yote. Umeandika amechelewa siku nne mfululizo, na ni kweli, saa za kuingia zipo daftarini. Ila siku zote nne alitoka Mnazi Mmoja, mama yake amelazwa. Hakutuambia, na hilo nalo ni kosa lake, maana gari ilikaa bila dereva na wageni wa Jozani wakasubiri dakika 40. Mwite mwenyewe, mfunge mlango, umuulize hali ya mgonjwa kwanza. Kisha mpange nani atashika zamu ya asubuhi mpaka mama atoke, na mwambie waziwazi kwamba siku nyengine apige simu kabla ya saa kumi na mbili. Usimwandikie.

Ya Nasra mpelekee leo kabla ya magharibi. Kesho hayupo kazini, na sitaki akae siku mbili bila ya kusikia neno kutoka kwetu.