4.3 Usampulishaji Nasibu na Usio Nasibu: Upi Utumike Lini

Mwanafunzi wa uzamili anapotetea pendekezo lake la utafiti, mara nyingi hujiandaa kuulizwa kwa nini amechagua watu 385 na si 200. Swali zito zaidi ni jinsi watu hao watakavyopatikana, kwa sababu wingi hauponyi uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alipata takriban asilimia 61 ya kura. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza.

Katika usampulishaji nasibu, kila mmoja wa jamii lengwa ana uwezekano wa kuchaguliwa unaojulikana na unaozidi sifuri. Si lazima uwezekano huo ulingane kwa wote, jambo ambalo wanafunzi wengi hulipotosha. Ukiujua, unaweza kuusawazisha kwa uzito wakati wa uchanganuzi, na ndio unaokupa haki ya kukadiria kosa la sampuli. Sharti lake ni gumu: uwe na orodha kamili ya jamii lengwa, au njia ya kuijenga hatua kwa hatua.

Orodha ikiwepo, sampuli nasibu rahisi inatosha. Ile ya vipindi hurahisisha kazi: kutoka majina 1,200 ukitaka 300, unachagua kwa bahati namba ya kuanzia kati ya 1 na 4, kisha unamchukua kila wa nne. Hakikisha tu orodha yenyewe haina mpangilio unaojirudia. Sampuli ya matabaka, ambapo jamii hugawanywa kwanza katika makundi kisha watu huchaguliwa kwa nasibu ndani ya kila kundi, inafaa pale kundi dogo, tuseme walimu wakuu wanawake, lingeweza kukosekana kwa bahati mbaya.

Sampuli ya vishada inahitaji uangalifu zaidi. Tuseme huna orodha ya walimu wote lakini unayo ya shule. Unachagua shule kwa bahati nasibu, kisha walimu 20 katika kila moja. Gharama inapungua, ila walimu wa shule moja hufanana, hivyo kila mmoja anakuongezea taarifa kidogo kuliko angekuwa peke yake. Kipimo cha hasara hiyo ni:

```
deff = 1 + (m - 1) * rho
```

Hapa m ni idadi ya watu wanaochaguliwa katika kila kishada, yaani kila shule, na rho ni kiwango cha kufanana kwao. Kwa m = 20 na rho = 0.05, deff ni 1.95. Wale 385, wanaotokana na fomula inayodhani sampuli nasibu rahisi, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, sasa wanapaswa kuwa 751. Tasnifu nyingi huruka hatua hii, na matokeo yake hujinasibu kwa usahihi yasio nao.

Usampulishaji usio nasibu si ndugu maskini wa ule wa kwanza. Ukitaka kuelewa kwa nini walimu wapya huacha kazi, kuchagua kwa makusudi wale walioacha, pamoja na wachache waliokaribia kuacha wakabaki, kutakufundisha mengi kuliko kubahatisha majina. Hapo unaendelea hadi mahojiano yaache kuleta jambo jipya. Kwa watu wasio na orodha na wenye sababu ya kujificha, kama watumiaji wa dawa za kulevya, sampuli ya mnyororo, ambapo mmoja anakuelekeza kwa mwingine, huenda ikawa njia pekee. Anzisha minyororo kadhaa tofauti, la sivyo utaishia katika mtandao wa marafiki.

Sampuli ya mgawo huiga sura ya jamii kwa umri au jinsia, lakini ndani ya kila mgawo mdadisi ndiye anayechagua. Kura za maoni za Marekani mwaka 1948 zilitumia njia hiyo zikatabiri ushindi wa Thomas Dewey. Akashinda Harry Truman. Sampuli ya waliopo karibu inafaa kujaribia dodoso, au katika jaribio ambalo washiriki hugawanywa makundi kwa nasibu. Kugawanya hivyo hakuifanyi sampuli iwakilishe jamii nzima.

Kosa linalostahili kukemewa waziwazi ni kugawa dodoso kwa waliokuwepo ofisini siku hiyo, kisha kuandika kwamba walichaguliwa "kwa nasibu". Andika ulichofanya. Kama uteuzi haukuwa nasibu, usiripoti kosa la sampuli. Eleza vigezo vya uteuzi, nani hakufikiwa, na kukosekana kwake kunaweza kuwa kumeyaelekeza wapi matokeo.

Katika utafiti mseto njia zote mbili hukaa pamoja: sampuli ya vishada ikadirie ni walimu wangapi wanafikiria kuondoka, kisha kutoka kwa waliojibu uchague kwa makusudi wachache wa kuhojiwa kwa kina. Omba idhini ya kuwarudia kwenye dodoso lenyewe, maana dodoso lisilo na utambulisho likishakusanywa hutaweza kuwapata.