Skripti ya video: Shughuli yako, turubai mpaka sahani kwa bei moja

[Uani kwa mteja, Tabata Segerea, saa 3 asubuhi. Vijana wanashusha nguzo na viti kwenye Kenta. Dada mwenye biashara yuko mbele ya kamera, nyuma yake mama mwenye nyumba.]

DADA: Mambo zenu jamani, wakubwa shikamooni. Leo niko saiti, hapa kuna sendofu ya binti jioni na wageni ni 150, nikaona badala ya kuwapostia picha za mapambo tu niwaonyeshe kazi yenyewe.

Ila kwanza niwaulize wenye shughuli, hivi ushawahi kukaa kwenye sherehe yako ukala? Wengi hata pilau lenyewe wanalionja kesho yake. Sababu viti umekodi Kimara, turubai Buguruni, mpishi umeelekezwa na jirani, sahani umeazima kanisani, siku ya siku simu haibanduki sikioni, huyu anakwambia yuko foleni Ubungo, yule hapokei kabisa, ukimuuliza mpishi anasema sahani ndo zimechelewa, mwenye sahani nae anasema hakuambiwa saa. Sasa utamgombeza nani?

Sisi tunabeba vyote. Unapiga namba moja, kikiharibika kitu unanigombeza mimi.

[Kamera kwenye nguzo za turubai, kijana anafunga kamba kwenye dumu la maji.]

DADA: Sogea hapa. Uani kwa mama ni pevingi, huwezi kupigilia vigingi, ndo maana tunafunga kwenye madumu yaliyojaa maji, upepo ukija turubai halihami. Na hizi pembeni ni pazia za mvua, zinakaa zimekunjwa, mnazishusha zikihitajika.

MAMA: Mwanangu, na ikinyesha ile ya masika kweli?

DADA: Mama, ndo maana nilikuja wiki iliyopita kuangalia maji yanaelekea wapi. Pale kwenye mteremko hatuweki meza hata moja. Masika hatufungi kazi bila kuona uwanja, hata ukinitumia picha 20.

[Jikoni nyuma ya nyumba. Masufuria makubwa, majiko ya gesi, mpishi anakaanga vitunguu.]

DADA: Huku sasa ndo penyewe. Vitunguu vinaachwa mpaka viwe kahawia ya kweli, pilau halipati rangi kwa bizari tupu, na nyama inachemshwa kwanza na tangawizi na kitunguu saumu, ile supu yake ndo inayopikia mchele. Kachumbari inakatwa mwisho kabisa wageni wakishaanza kuingia, ukiikata saa 6 mpaka jioni imeshatoa maji yote.

MAMA: Mi naogopa chakula kuisha bwana. Kadi ya singo mtu anakuja na watoto watatu.

DADA: Nakujua mama, na Dar naijua! Kila watu 100 tunapika cha watu 110, hicho cha juu hatukuchaji. Alafu kwenye bafe nyama anapakua mhudumu, wali na mboga mgeni anajipakulia. Tukiachia nyama meza ya mwisho wanakuta mchuzi.

[Dada anarudi mbele ya kamera.]

DADA: Haya bei, najua mnaisubiri. Paketi ya watu 150 ni milioni 3 na laki 6. Ndani yake kuna maturubai, viti na vitambaa vyake, meza, sahani na vijiko, bafe ya pilau, wali mweupe, kuku, nyama ya ng'ombe, ndizi, mboga, kachumbari na matunda, maji, wahudumu 10, na jenereta la akiba maana umeme tunaujua wenyewe. Usafiri ndani ya Dar humo humo, Kigamboni na Bagamoyo tunaongea. Muziki, MC na keki hatufanyi, tafuta mwenyewe. Ndafu tunachoma ila ni bei ya mbuzi wa siku hiyo.

Na kuna paketi ya msiba, hii siitangazi kwa kelele. Turubai, viti, masufuria na majaba ya maji, ukipiga hata saa 8 usiku tunakuja, hela tutaongea baada ya mazishi.

Malipo ya sherehe, asilimia 40 kushika tarehe na iliyobaki siku 3 kabla. Najua kamati, michango inaingia wiki ya mwisho, ndo maana sijaweka yote mwanzoni. Ila siku 3 kabla sio siku 1 kabla jamani, ng'ombe hakopeshwi.

MAMA: Na sahani zikivunjika?

DADA: Tano za kwanza juu yangu, zinazozidi tunahesabu pamoja kabla sijaondoka.

Anayetaka abonyeze kitufe cha WhatsApp hapo chini, nitumie tarehe, mtaa, idadi ya wageni na video ya uwanja. Jumamosi za Desemba zinaisha mapema, wa kipaimara na harusi mnisikie.

[Kijana anaita nje ya kamera: "Dada, viti vya meza kuu tunaweka wapi?"]

DADA: Nakuja! Mama we kaa, usiinuke.