Asidi, besi na pH: noti na maswali ya S.4 kabla ya UNEB

Haya watu wa S.4, noti ndo hizi, nimekaa sana pale pa asidi kali na asidi dhaifu maana hapo ndo maksi zinapotelea kila mwaka, hayo mengine tutayapitia haraka.

Asidi na besi

Asidi ni kitu ambacho kikiyeyuka kwenye maji kinatoa ioni za H⁺. Msiyasahau hayo maji! Chukua asidi ya sitriki ya unga, kavu kabisa, wekea litimasi ya bluu kavu, hamna kitu kinatokea, ongeza matone mawili ya maji ndo karatasi inageuka nyekundu.

Besi inakutana na asidi wanatoa chumvi na maji. Besi inayoyeyuka kwenye maji ndo tunaiita alkali, kwahiyo NaOH ni besi na ni alkali pia, lakini CuO ni besi tu, haiyeyuki. Amonia (NH₃) inawachanganya watu kwasababu haina OH ndani, ila ikiingia kwenye maji inachukua H⁺ ya maji na OH⁻ inabaki. Hata majivu ya maganda ya matoke ukiyaloweka ukachuja, yale maji ni alkali, kuna K₂CO₃ mle.

pH

Aliyeianzisha ni Sørensen, mkemia wa Denmaki, 1909. Kwenye nyuzi 25 za selsiasi 7 ni katikati, chini yake asidi, juu yake alkali. Kila namba moja ni mara 10, kwahiyo pH 3 ina H⁺ mara 100 kuliko pH 5, sio "imezidi kwa mbili".

Viashiria

Litimasi: nyekundu kwa asidi, bluu kwa alkali. Metili oranji: nyekundu chini ya pH 3.1, njano kuanzia 4.4. Fenolfthalini: haina rangi mpaka kama pH 8.3 hivi, halafu inaanza pinki.

Sasa angalia mtego: kwenye pH 5 metili oranji ni njano, na bado hiyo ni asidi! Na fenolfthalini isipokua na rangi haimaanishi ni asidi, maji safi pia yanaiacha hivyohivyo. Kwenye titresheni ya asidi dhaifu na alkali kali tumia fenolfthalini, asidi kali na alkali dhaifu tumia metili oranji.

Kali, dhaifu, iliyokolea

Asidi kali inaachana YOTE kwenye maji: HCl → H⁺ + Cl⁻. Asidi dhaifu inaachana kidogo tu, nyingine inabaki molekuli nzima, na mshale unaenda pande mbili: CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺. Ndo maana HCl ya 0.1 M ina pH 1, na asidi ya ethanoiki (ile ya siki) ya 0.1 M iko kama 2.9.

Kukolea ni habari nyingine kabisa, hapo tunaongelea umeweka asidi kiasi gani kwenye lita. HCl ukiizimua mpaka 0.0001 M pH inafika 4 lakini bado ni asidi kali, kwasababu yote imeachana. Mkiandika "asidi dhaifu ni ile yenye maji mengi" mtahini hana huruma na nyie. Na mkizimua, asidi ndo inaingia kwenye maji pole pole, sio maji kwenye asidi, hasa ile ya betri.

Maswali

1. HCl ya 0.01 M ina pH ngapi?
2. Sm³ 10 za HCl ya 0.1 M zimeongezewa maji mpaka sm³ 1000. Tafuta pH mpya.
3. Myeyusho unaipa metili oranji njano na fenolfthalini haina rangi. Mwanafunzi kasema ni neutro. Unakubali?
4. Sm³ 25 za HCl 0.1 M na sm³ 25 za CH₃COOH 0.1 M, ipi inamaliza NaOH 0.1 M nyingi zaidi?
5. Magnesiamu ya kutosha imewekwa kwenye asidi zote mbili za swali la 4. Linganisha mapovu.

Majibu (jaribu kwanza bana)

1. H⁺ ni 10⁻², pH 2.
2. Imezimuliwa mara 100, ni 0.001 M, pH 3.
3. Hapana, hatujui. Inaweza kua popote kati ya 4.4 na 8.3, atumie kiashirio cha yunivaso.
4. Sawa, sm³ 25 kila moja. Wengi wanasema HCl, ila NaOH ikimeza H⁺ chache zilizopo, molekuli zilizobaki zinaachana tena na tena mpaka zote ziishe.
5. HCl inatoa mapovu haraka kwasababu H⁺ ni nyingi tangu mwanzo, ya ethanoiki pole pole, lakini mwisho gesi ya hidrojeni ni kiasi kilekile. Andikeni zote mbili, kasi NA kiasi, maana kila moja ina maksi yake.